Kujitambulisha Siku ya Kwanza ya Mafunzo kwa Vitendo

Mtahiniwa, baada ya mtihani wa Novemba baadhi yenu mtaendelea na kidato cha tano, na wengine mtaingia vyuo vya ufundi, afya, kilimo au biashara. Karibu vyuo vyote hivyo vina kipindi cha mafunzo kwa vitendo, yale ambayo mitaani huitwa "fildi". Anayekwenda kazini baada ya kuhitimu chuo, kabla ya kuajiriwa, husemwa yuko katika mafunzo tarajali. Majina ni mawili, lakini asubuhi ya kwanza hufanana. Watu wamesimama, pengine kwenye karakana yenye kelele, kisha anayeongoza kikao anasema, "Leo tuna mgeni. Hebu jitambulishe." Unapata muda usiofika dakika moja.

Katika sura hii tutautazama utambulisho mmoja tu, tangu rasimu ya kwanza hadi ule uliosemwa. Mwanafunzi wetu ni wa kubuni. Tumwite Kabula. Ana umri wa miaka 20, kwao ni Shinyanga mjini, na anasoma ufundi umeme mwaka wa pili katika chuo cha VETA mjini humo. Amepangiwa wiki nane katika karakana iliyoko Geita, inayotengeneza mota za makarasha na pampu za kutolea maji kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Aliyekulia ukanda huu anayajua makarasha: ni mitambo ya kusaga mawe yenye dhahabu, na mlio wake husikika mbali. Kwa msomaji wa Lindi au Tanga, inatosha kujua kwamba mtambo huo huzungushwa na mota kubwa, na kwamba mota hiyo ikiwashwa wakati mkono wa mtu umo ndani, hakuna atakayewahi kuizima.

Wanaokusikiliza wanataka kujua nini?

Katika mada ya rejesta umejifunza kwamba lugha hubadilika kulingana na mahali, wahusika na lengo la mazungumzo. Hapa mahali ni kazini. Wahusika ni wa aina mbili, wafanyakazi wenzako na msimamizi wako, na kila upande una jambo lake. Wenzako wanataka kujua wakuite nani, na kama kuna hatari yoyote kukuacha karibu na mtambo. Msimamizi anataka kujua akupe kazi gani leo na asikupe ipi. Hawa wote hawakuja kusikia historia ya maisha yako. Wana kazi inayowasubiri, na wewe ni sehemu ndogo ya kikao ambacho kina mambo mengine: nani anakwenda wapi, mtambo gani umeharibika, hatari gani ilionekana jana.

Kwenye migodi mikubwa ya ukanda huu, kama ule wa Geita ulioanza kuchimba mwaka 2000 au ule wa Bulyanhulu ulioko Kahama, mgeni hupitishwa kwanza katika mafunzo ya usalama ndipo aruhusiwe kufika kwenye eneo la kazi. Karakana ndogo ya mjini mara nyingi haina mafunzo marefu ya namna hiyo. Yote ambayo watu watayajua kukuhusu kwa siku ile ni yale uliyoyasema kwa kinywa chako. Kwa sababu hiyo utambulisho wa karakana ndogo unahitaji maandalizi zaidi kuliko wa mgodi mkubwa, ingawa wanafunzi wengi hufikiri kinyume chake.

Rasimu ya kwanza ya Kabula

Usiku kabla ya kuripoti, Kabula aliandika hivi katika daftari lake:

"Habari zenu. Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia uzima hadi kufikia siku hii ya leo. Pia ningependa kuchukua nafasi hii kuushukuru uongozi wote kwa kunipokea. Mimi kwa majina naitwa Kabula Masanja Luhende, ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita. Ni Msukuma wa Shinyanga. Elimu ya msingi nilisoma kijijini kwetu, kisha nikajiunga na sekondari na kumaliza kidato cha nne. Kwa sasa nipo VETA nasomea umeme. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na najifunza haraka sana. Napenda muziki na kusali. Naahidi kufanya kazi yoyote nitakayopewa bila kuchagua. Naomba ushirikiano wenu. Asanteni sana."

Ukiitazama harakaharaka, rasimu hii haina ubaya. Ina adabu, ina sarufi inayokubalika kwa sehemu kubwa, na mwalimu wa darasani angeweza kuipa alama nzuri kama insha ya wasifu. Lakini hesabu maneno. Kabla ya jina "Kabula" kusikika kuna maneno 31. Habari kwamba anasomea umeme, ambayo ndiyo sababu ya yeye kuwa pale, imekuja karibu na mwisho. Fundi aliyesimama nyuma, karibu na jenereta, amekwisha kuacha kusikiliza.

Kuna maneno yaliyorundikana bila kuongeza maana. "Siku hii ya leo" ni siku moja iliyotajwa mara mbili, "leo" ingetosha. "Mimi kwa majina naitwa" ni mtindo wa kuzungumza uliozoeleka sana, lakini "naitwa" peke yake limebeba maana yote. Kuhusu "naitwa" na "ninaitwa", yote mawili ni sahihi. La kwanza ni ufupisho wa la pili, na katika mazungumzo ndilo linalotumika zaidi. Usipoteze muda kubishana juu ya hilo.

Sifa alizojipa, kwamba ni mchapakazi na mwaminifu, hazimsaidii msimamizi. Hakuna mgeni anayesimama na kusema yeye ni mvivu na mwizi. Msimamizi huzisikia sifa hizo kwa kila mwanafunzi anayefika, kwa hiyo hazitofautishi mtu na mtu. Zitaonekana zenyewe ndani ya wiki mbili, au hazitaonekana.

Sentensi yenye hatari zaidi ni ile inayopendeza kuliko zote: "Naahidi kufanya kazi yoyote nitakayopewa bila kuchagua." Nyumbani na shuleni tumefundishwa kwamba kijana mwema hachagui kazi. Kwenye karakana ya umeme, kijana asiyechagua kazi ndiye anayefungua paneli asiyoijua kwa sababu ameambiwa "kaangalie pale". Fundi aliyemtuma alidhani anajua. Kijana aliona aibu kusema hajui. Hakuna aliyesema uongo, lakini tayari mkono upo karibu na waya wenye umeme.

Kuirekebisha rasimu

Tuanze na salamu, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ndani ya kikao kimoja kuna watu wa umri tofauti: fundi wa miaka hamsini, dada wa stoo wa miaka thelathini, na vijana wa rika lako. Ukisema "Mambo vipi" umewavunjia wakubwa heshima. Ukisema "Shikamooni" peke yake, vijana wenzako watacheka kidogo, kwa kuwa hiyo si salamu yao. Njia iliyo rahisi ni kuanza na salamu inayowafaa wote, "Habari za asubuhi", kisha kuongeza "Wakubwa zangu, shikamooni." Wataitikia "Marahaba" wale inaowahusu. Subiri waitikie. Ukiendelea kuzungumza juu ya itikio lao, jina lako litamezwa na sauti zao, na huo ndio mwanzo wa kuitwa "dogo" kwa wiki nane.

Shinyanga na Geita utasikia pia salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka", hasa asubuhi. Ni vizuri kuijua na kuiitikia, na ukikutana na mzee mlangoni akaitamka, mwitikie. Katika kikao tumia Kiswahili. Dhahabu imewaita watu kutoka Mara, Kagera, Kigoma, Mbeya na kwingineko, na mmoja wao asipoielewa salamu yako umemweka nje ya mazungumzo kabla hujaanza.

Kwa sababu hiyohiyo, ondoa kabila. Kutaja unakotoka kunatosha, na kuna faida: mtu wa kwenu atakutafuta wakati wa chai akuulize habari za huko. Utani wa makabila upo, na katika karakana nyingi ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku, lakini utani huanzishwa na mwenyeji. Mgeni anayeufungua asubuhi ya kwanza hajui nani anautaka na nani haupendi.

Sasa jina. Kabula ana majina matatu, na yote matatu yataandikwa kwenye fomu, kitambulisho na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ambacho msimamizi atakuwa anakisaini. Kwenye kikao watu wanahitaji moja tu la kumwitia. Kwa nini jina moja liwe jambo kubwa hivyo? Fundi anapotaka kutengeneza mota ya karasha, huzima umeme kwenye swichi kuu, kisha huweka kufuli yake mwenyewe kwenye swichi ile pamoja na kadi yenye jina lake. Maana yake ni kwamba mtu huyu yuko kazini kwenye mtambo, asiuwashe mtu mwingine. Kufuli hiyo huondolewa na aliyeiweka. Kama watu wanne wanafanya kazi kwenye mtambo mmoja, zinawekwa kufuli nne na kadi nne. Kwenye migodi ya chini ya ardhi kuna ubao ambapo kila anayeshuka hutundika kitambulisho chake, na anapotoka hukiondoa, ili juu wajue nani bado yuko chini.

Fikiria sasa kadi imeandikwa "Kabula", lakini watu wote pale wanamfahamu kama "dogo wa VETA". Mtu anasimama mbele ya swichi, anaisoma kadi, anauliza, "Kabula ndiye nani? Ameshatoka?" Hakuna anayejua. Na kama ni karakana isiyo na kufuli wala kadi, hali ni ngumu zaidi, maana hapo kitu pekee kinachoweza kumzuia mwenye mkono kwenye swichi ni sauti ya mtu inayoita jina. Jina lililosikika vizuri siku ya kwanza ndilo litakaloitwa siku ya hatari. Kwa hiyo litamke polepole, mara mbili: "Naitwa Kabula Masanja, niiteni Kabula." Kama jina lako ni refu au geni kwa masikio ya wenyeji, chagua ufupisho wewe mwenyewe kabla hujachaguliwa.

Baada ya jina, sema unasoma nini, mwaka wa ngapi, chuo gani, utakaa muda gani na chini ya nani. Haya hayahitaji ufundi wowote wa lugha. Ni taarifa, na msimamizi ataziandika. Muda ni muhimu kuliko unavyodhani: mtu wa wiki nane hapewi kazi ya kufundishwa kwa miezi sita, na wenzako wanapanga zamu kwa kukuhesabu au kutokukuhesabu.

Kuhusu umri, si lazima kuutaja mbele ya kikao, lakini kwenye fomu uandike wa kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au mahali pengine penye mazingira ya hatari. Wengi wenu mtamaliza kidato cha nne mkiwa na miaka 17. Wapo wanaoongeza mwaka mmoja kwenye fomu ili wapokelewe. Wakiumia, mkanganyiko wa karatasi zao huwa mzigo kwao na kwa wazazi wao.

Tumefika kwenye kiini: unachokijua na usichokijua. Kabula amefunga nyaya za nyumba. Ameweka swichi, soketi na taa, na umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Mota za makarasha hutumia umeme wa njia tatu, ambao kati ya njia na njia ni volti 400. Ameusoma huo darasani, amechora michoro yake, amejibu maswali yake kwenye mtihani. Hajawahi kufungua paneli yake. Katika rasimu ya kwanza haya yote yalifichwa ndani ya maneno mawili, "nasomea umeme". Fundi akisikia hivyo anaweza kudhani makubwa kuliko yaliyopo, au akadhani madogo akampa ufagio kwa wiki nane. Yote mawili ni hasara.

Namna ya kusema inahitaji uangalifu. Ukisema "Sijui chochote, nimekuja kujifunza", umejidharau na hujasema kitu. Ukisema "Umeme naujua vizuri", umejitega. Tumia vitenzi vinavyotaja kazi yenyewe. "Nimefanya" ni kwa kile ambacho mikono yako imekifanya. "Nimesoma" ni kwa kile kilichobaki darasani. "Sijawahi" ni kwa kile ambacho hakijafanyika kabisa. Angalia kwamba tofauti kati ya "sijafungua" na "sijawahi kufungua" si ya mapambo: la kwanza laweza kumaanisha leo bado, la pili lamaanisha katika maisha yangu yote hadi sasa. Fundi anayekusikiliza anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa sarufi.

Utambulisho aliousema

Hivi ndivyo Kabula alivyosema asubuhi ile:

"Habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni. Naitwa Kabula Masanja, niiteni Kabula. Natoka Shinyanga mjini, na nasoma umeme mwaka wa pili katika chuo cha VETA Shinyanga. Nitakuwa hapa wiki nane chini ya fundi mkuu wa umeme. Nimefanya kazi za nyaya za nyumba, umeme wa volti 230, na natumia mita ya kupimia umeme. Mota na paneli za volti 400 nimezisoma darasani tu, sijawahi kuzifungua. Kwa hiyo nitauliza kabla ya kugusa. Mkiniona nimesimama mahali pasipofaa, niiteni kwa jina. Asanteni."

Ni maneno 76. Ukiyasema bila haraka, pamoja na kusubiri itikio la salamu, hayamalizi dakika moja. Neno "mchapakazi" halimo, lakini sentensi "nitauliza kabla ya kugusa" inamwambia msimamizi zaidi ya sifa tatu za rasimu ya kwanza. "Mkiniona nimesimama mahali pasipofaa, niiteni kwa jina" inawapa wenzake ruhusa ya kumrekebisha. Mafundi wengi huona haya kumkemea mgeni, hasa msichana asiyemfahamu, mpaka awape ruhusa hiyo. Shukrani kwa Mungu na kwa uongozi zimeondolewa, si kwa sababu ni vibaya kushukuru. Shukrani ya uongozi itasemwa ofisini, mbele ya aliyempokea, na huko itasikika kuwa ya kweli zaidi.

Wapo watakaosema utambulisho huu umekauka, hauna hata neno la kuchekesha. Ninakubali kwamba umekauka kidogo. Kichekesho kinaweza kuja saa nne wakati wa chai.

Mbele ya msimamizi peke yake

Mara nyingi kikao kikiisha msimamizi atakuita pembeni. Usirudie hotuba ileile, maana ameisikia. Hapa anataka undani wa sehemu moja tu, ile ya unachoweza. Atakuuliza, "Mita unaitumiaje?" au "Ukikuta mota hainguruma wala haizunguki, unaanzia wapi?" Jibu kwa kazi uliyoifanya kweli, kwa mfano nyumba fulani uliyofunga nyaya ukiwa na mwalimu wako, na useme mlikosea wapi na mkagunduaje. Kabula anaweza kusema kwamba walifunga soketi, wakapima, mita haikuonyesha kitu, wakafuata waya mpaka wakakuta kiungo hakikukazwa ndani ya boksi. Simulizi fupi kama hiyo inamwonyesha msimamizi kwamba unapima kabla ya kukisia.

Kuhusu namna ya kumwita, sikiliza wengine wanavyomwita kabla hujafungua kinywa. Mahali pengine ni "Fundi", pengine "Injinia", pengine ni jina lake likitanguliwa na "Kaka" au "Mama". Usimwite "mzee" kijana wa miaka thelathini kwa kudhani unamheshimu. Ukiwa na shaka, uliza: "Samahani, nikuite nani?" Hakuna aliyewahi kukasirikia swali hilo.

Kisha mpe kitabu chako cha kumbukumbu siku hiyohiyo. Wapo wanafunzi wanaokitoa wiki ya sita, na msimamizi analazimika kusaini kazi asizozikumbuka.

Kama si umeme?

Kanuni ya "nimefanya, nimesoma, sijawahi" haihitaji karasha. Tuseme umepangiwa ofisi inayofanya biashara na soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, nawe unasomea uhasibu. Hapo mpaka unaopaswa kusemwa ni wa fedha: "Nimetunza daftari la mapato na matumizi la duka la nyumbani, sijawahi kupokea fedha za mteja na kutoa risiti." Kwa anayekwenda zahanati ya wilayani Kishapu, mpaka uko kwenye dawa na sindano. Anayekwenda ofisi ya halmashauri ataeleza kama ameshawahi kushika jalada la siri. Kila kazi ina sehemu ambayo mkono usiozoea huleta hasara. Itafute sehemu hiyo kabla ya kuripoti, kwa kumwuliza mwalimu au mwanafunzi aliyekutangulia, kisha useme uko upande gani wa mpaka huo.

Kuufanyia mazoezi

Andika utambulisho wako, usome kwa sauti mara tatu, kisha weka karatasi pembeni. Usiukariri neno kwa neno. Aliyekariri husahau neno moja akapoteza yote, na macho yake huonekana yanasoma angani. Kumbuka mfuatano tu: salamu, jina, masomo, muda, nimefanya, sijawahi.

Kisha ufanyie mazoezi penye kelele. Simama karibu na mashine ya kusaga nafaka ya mtaani kwenu, rafiki yako asimame hatua kumi mbali nawe, useme jina lako mara moja. Mwombe alirudie. Kama amerudia jina lingine, tatizo huwa ni mwisho wa jina: wengi wetu hushusha sauti kwenye silabi ya mwisho, na "Kabula" linabaki "Kabu". Rudia mpaka alipate.

Katika mtihani

Swali la aina hii linaweza kuja kama hotuba fupi, kama mazungumzo, au kama swali la matumizi ya lugha. Likija kama mazungumzo, usisahau kuandika majina ya wahusika pembeni, na uonyeshe itikio la salamu; mtahiniwa anayeandika "Shikamooni" bila "Marahaba" ameandika nusu ya mazungumzo. Ukipewa kikomo cha maneno, kikomo hicho ni sehemu ya swali. Ukizidisha kwa kuweka historia ya familia, unapoteza nafasi ya yale ambayo mtahini anayatafuta: salamu inayofaa wahusika, utambulisho ulio wazi, lengo, na lugha ya mahali pale.

Zoezi

1. Soma tena rasimu ya kwanza ya Kabula. Taja sentensi mbili ambazo zingefaa katika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo lakini hazifai katika kikao cha asubuhi, na ueleze sababu.

2. Eleza tofauti ya maana kati ya sentensi hizi, kisha sema ni ipi inayomfaa zaidi fundi anayegawa kazi: (a) Mtambo huu siujui. (b) Mtambo huu sijauwasha. (c) Mtambo huu sijawahi kuuwasha.

3. Umepangiwa wiki sita katika karakana ya magari mjini Kahama. Umewahi kubadilisha matairi na oili, lakini hujawahi kuingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki. Andika utambulisho usiozidi maneno 80, kisha andika swali moja ambalo msimamizi anaweza kukuuliza baadaye na jibu lako.